Kona ya mlango wa mashariki: kisa cha foko iliyomkosa kibarua mpya ghalani Mtwara

Msimu wa korosho unapofunguka mwezi wa kumi, maghala ya Mtwara hujaa watu ambao wiki moja kabla hawakuwa wakiyajua hata kwa ndani. Malori yanashuka kutoka Tandahimba, Newala na Masasi, minada inaanza, na kila ghala linatafuta vibarua wa kushusha, kupima, kushona magunia na kufagia. Selemani, ambalo si jina lake halisi, aliingia kazini kwa njia hiyo. Alipangiwa kumfuata mkaguzi wa ubora. Mkaguzi anachoma gunia kwa bambo, korosho chache zinateremka, Selemani anazikinga kwenye mfuko, anaandika namba ya lundo, kisha anaupeleka mfuko mezani wanakopima unyevu na kukata korosho kuangalia kiini.

Kazi hiyo inaonekana nyepesi ukiilinganisha na kubeba gunia la kilo 80 begani. Kwa upande wa usalama ni kinyume chake. Mpakiaji anakwenda njia moja, kutoka lori hadi kwenye lundo na kurudi, na dereva wa foko, gari dogo la kunyanyulia mizigo kwa meno mawili ya chuma, anamtarajia pale. Mtu wa sampuli anapita popote, na mara nyingi ameinama.

Lilitokea hivi. Ilikuwa asubuhi, saa tatu hivi, jua la Mtwara likiwa limeshapanda na kuingia moja kwa moja kupitia mlango wa mashariki. Selemani alikuwa anatoka katikati ya malundo mawili akielekea kwenye njia kuu. Kwenye kona ile mfuko wa sampuli ukamponyoka, korosho zikatawanyika sakafuni. Akachutama kuziokota, kwa sababu alishaambiwa kwamba sampuli ikipungua mkaguzi hurudia upya. Wakati huohuo foko ikawa inaingia kutoka nje na chaga, yaani jukwaa la mbao la kubebea mzigo, yenye magunia yaliyopangwa hadi usawa wa macho ya dereva. Dereva alipokata kona kushoto aliona kofia ya Selemani upande wa meno ya foko, akakanyaga breki kwa nguvu. Foko ikasimama. Gunia la juu kabisa halikusimama: liliteleza mbele, likaanguka pale alipokuwa amechutama Selemani, likapasuka. Yeye alikuwa ameshajirusha nyuma, mgongo ukiwa umebanwa na lundo.

Hakuumia. Dereva alishuka, akamshika bega, akasema, "Dogo, pole. Uwe unaangalia." Wapakiaji wawili wakaja na fagio na sindano ya kushonea. Baada ya dakika chache sakafu ilikuwa safi, gunia limeshonwa, na foko imerudi nje kuchukua mzigo mwingine. Mtu ambaye angepita pale saa tatu na robo asingeona dalili yoyote kwamba kijana alinusurika kifo.

Hilo ndilo linalonifanya nikiandike kisa hiki kwa urefu. Ajali kamili huacha damu, huacha faili hospitalini, huacha madai ya fidia, na watu hulazimika kuuliza. Nusura huacha korosho sakafuni tu, na zikifagiliwa imekwisha. Habari yote iliyobaki imo kichwani mwa watu wawili, na wote wawili wana sababu nzuri ya kukaa kimya.

Sababu za Selemani ni rahisi kuzielewa. Ni kibarua wa siku. Akionekana msumbufu, kesho hataitwa getini. Tena alihisi kosa ni lake, kwani ndiye aliyechutama njiani. Zaidi ya hapo, kwenda kwa msimamizi kungeonekana kumchomea dereva, mtu mwenye familia ambaye ndiye aliyemfundisha wapi pa kuweka sandali zake. Dereva naye anajua kwamba foko ina foleni ya watu wanaotaka kuiendesha. Kwa hiyo wakati wa chai Selemani hakuwa na nia ya kusema chochote.

Aliyemfungua mdomo ni mama mmoja anayeshona magunia, mtu wa misimu mingi pale ghalani. Alimwona mikono inatetemeka na chai inamwagika.

"Mwanangu, umekumbwa na nini?"

"Hakuna kitu, mama. Foko tu ilikuja karibu."

"Kwenye kona ya mlango ule?"

"Ndiyo."

"Mimi ilinikosa hapohapo wiki mbili zilizopita. Nilikuwa nimebeba uzi."

Karani wa mzani aliyekuwa amekaa benchi la pili akageuka. Yeye foko ilimgusa fomu mkononi, kona ileile, akadhani ni kwa sababu alikuwa anasoma huku anatembea. Mpakiaji mmoja akaongeza ya kwake. Watu wanne, kona moja, na kila mmoja alikuwa amelibeba tukio lake kama aibu ya mtu binafsi: mimi nilikuwa nasoma, mimi nilibeba uzi, mimi nilichutama. Hakuna aliyejua kwamba kuna mwingine. Laiti yule wa kwanza angesema, wa pili angejua kona ile si ya kupita kiholela, na Selemani angeambiwa siku anaanza kazi.

Mama yule ndiye aliyesema waende kwa msimamizi pamoja, asiende peke yake. Nauona kama uamuzi wa busara kuliko yote katika kisa kizima. Kibarua mmoja ni msumbufu. Watu wanne wenye habari inayofanana ni jambo la kushughulikiwa.

Msimamizi wa zamu alikuwa na daftari la kaunta la matukio, ambalo mpaka siku ile lilikuwa na habari za mikato na vidole vilivyobanwa tu. Swali lake la kwanza lilikuwa, "Nani alikuwa anaendesha?" Simlaumu, wengi huanza hapo, lakini swali hilo linafunga midomo. Likishajibiwa, kila mtu anaona kazi imekwisha: dereva aitwe, aonywe, atie sahihi. Selemani aliandika hivi:

"Leo asubuhi foko ilitaka kunigonga. Dereva alikuwa anakuja kasi. Naomba aonywe."

Kila neno hapo ni kweli kwa jinsi alivyoona yeye, ila taarifa hii haimsaidii mtu yeyote atakayepita kona ile kesho. Haisemi kona ipi. Haisemi kwa nini dereva hakumwona mapema. Haisemi gunia liliangukaje. Ukimwonya dereva huyu, dereva wa zamu ya usiku ataingia kwa mlango uleule, na kona itakuwa palepale.

Bahati nzuri ghala lile lilikuwa na mwakilishi wa usalama na afya wa wafanyakazi, nafasi inayowekwa na Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ya mwaka 2003. Alikuwa fundi wa mitambo. Hakumsahihisha Selemani mbele ya watu. Alimchukua wakarudi wote wawili kwenye kona, akamwambia achutame palepale, na yeye akaenda kukaa kwenye kiti cha foko ikiwa imezimwa, na chaga ile ikiwa imepandishwa magunia kama yalivyokuwa. Kisha wakabadilishana nafasi. Selemani akapanda kwenye kiti na kuona mwenyewe: mbele yake palikuwa na ukuta wa magunia. Fundi aliyechutama hakuonekana kabisa. Baada ya hapo aliandika upya:

"Saa tatu asubuhi, kona ya lundo namba 7 na njia kuu, upande wa mlango wa mashariki. Nilichutama kuokota sampuli. Foko iliingia kutoka juani ikiwa na chaga iliyojaa hadi usawa wa macho ya dereva, ikakata kona kushoto. Lundo namba 7 limevuka mstari wa njano. Sikusikia honi. Foko iliposimama, gunia la juu liliteleza likaanguka nilipokuwa. Dereva anasema macho yalikuwa bado na giza la kutoka juani. Watu wengine watatu wamekoswa kona hiihii."

Taarifa hii si ndefu, na haina jina la mtu. Mtu anayeisoma anaweza kwenda kona ya lundo namba 7 na kipimo mkononi akaanza kazi. Ndivyo ilivyofanyika.

Kipimo kilionyesha kwamba njia iliyochorwa kuwa na upana wa mita 4 ilikuwa imebaki mita 2.9 pale konani. Malori yalikuwa yamefululiza, nafasi ikawa finyu, na magunia yakaongezwa safu moja nje ya mstari wa njano, kwanza kwa muda, baadaye ikawa kawaida. Hapa inafaa kuelewa foko inavyokata kona, maana haikati kama gari. Magurudumu yanayogeuka ni ya nyuma. Ukigeuza kushoto, kichwa kinaelekea kushoto lakini mkia wenye chuma kizito cha uzani unafagia kulia. Dereva mzoefu asipotaka mkia ugonge mali upande wa pili, hujisogeza karibu na kona ya ndani kabla ya kugeuza. Njia ikiwa finyu, hujibana zaidi. Maana yake ni kwamba lundo lililovuka mstari lilimlazimisha dereva apite pua na mdomo na kona ambayo lundo hilohilo linamzuia kuiona. Siyo uzembe wa dereva. Ni sakafu iliyompangia apite hapo.

Tukaja kwenye mwendo. Kutoka kwenye kiti, mtu aliyesimama nyuma ya kona ile angeweza kuonekana akiwa umbali wa kama mita 3, na aliyechutama chini ya hapo. Foko ikienda kilomita 10 kwa saa, sawa na mtu anayekimbia polepole, inasafiri karibu mita 2.8 kila sekunde. Binadamu akishtuka huhitaji takriban sekunde moja mpaka mguu ukanyage breki. Kwa hiyo karibu mita zote zile zinaisha kabla breki haijaanza kushika. Kwa mwendo wa mtu anayetembea, kilomita 5 kwa saa, sekunde hiyo inakula mita 1.4, na inabaki nafasi ya kusimama. Dereva alisema siku ile alikuwa ameshapunguza mwendo kwa sababu mtu wa getini alimwita kwa sauti. Ukitafuta kilichomwokoa Selemani, ni sauti ile. Haikuwa kanuni ya ghala, haikuwa alama, haikuwa ustadi. Kesho mtu wa getini anaweza asiite.

Kuhusu gunia lililoanguka, lawama zilitaka kwenda kwa breki kali. Lakini dereva angefanya nini kingine? Mzigo ambao haujafungwa hauna kinachoushikilia kwa mbele zaidi ya uzito wake. Foko inaposimama ghafla, mzigo unaendelea na safari. Safu ya juu ndiyo iliyokuwa imezidi. Ikiondolewa, matatizo mawili yanatoka pamoja: gunia halianguki, na dereva anapata nafasi ya kuona juu ya mzigo. Pale ambapo mzigo lazima uwe mrefu, foko huendeshwa kinyumenyume, dereva akigeuza kichwa, meno yakiwa yameinuliwa kiasi cha sentimita 15 au 20 tu kutoka sakafuni. Madereva wa pale walijua hivyo. Hawakuwa wakifanya kwa sababu shingo zinachoka kwa zamu ndefu, na kwa sababu hakuna aliyewaambia wapunguze magunia kwenye chaga. Wapakiaji wanalipwa kwa gunia, na chaga iliyojaa ni safari chache.

Honi nayo ilikuwa na kisa chake. Dereva alikiri kwamba hakupiga. Katika msimu malori, bodaboda na foko zote zinapiga honi kutwa nzima, na watu wameshazoea kiasi kwamba honi haimgeuzi mtu. Ukimwandikia barua ya onyo kwa kutopiga honi, atapiga kila mara, na itazidi kutosikika.

Basi walirekebisha nini? Cha kwanza kilikuwa kigumu kuliko vyote, maana kiligusa nafasi. Meneja alikuwa na malori barabarani na hakutaka kusikia habari ya kuondoa magunia. Walikubaliana safu iliyovuka mstari irudishwe, na ile sehemu ya lundo iliyo konani, urefu wa mita 2 kila upande, isipande juu ya kiuno cha mtu. Ghala lilipoteza nafasi ya magunia kadhaa. Lakini dereva aliyekaa kwenye kiti akaanza kuona watu juu ya kona badala ya kuona gunia.

Cha pili, watu wa miguu walipewa mlango mdogo wa kaskazini uliokuwa umefungwa kwa kufuli miaka yote, na mlango wa mashariki ukaachiwa foko. Hatua hii ilimalizika kwa siku moja na haikugharimu zaidi ya kutafuta ufunguo. Cha tatu, mstari mweupe ukachorwa kizingitini: foko inasimama pale kabisa, dereva anahesabu hadi tatu macho yaanze kuzoea giza, anapiga honi moja ndefu, ndipo anaingia. Honi ikipigwa sehemu moja tu na kwa maana moja, watu huanza tena kuisikia. Na chaga ikapangiwa kimo, alama ya rangi ikapigwa kwenye mlingoti wa foko, nguzo inayopandisha meno, ili mpakiaji aone mwenyewe pa kuishia.

Waliweka pia kioo cha mviringo juu ya kona. Hiki nakitaja kwa tahadhari. Vumbi la magunia ya juti lilikifunika ndani ya siku chache, na kwa muda kikawa kibaya kuliko kutokuwepo, kwa sababu watu walikitazama, hawakuona kitu, wakadhani njia ni nyeupe. Kilipata maana pale tu mfagiaji wa zamu ya asubuhi alipopewa kazi ya kukifuta kabla ya foko kuwashwa.

Baada ya hapo daftari lilianza kujaa. Chaga iliyopasuka ubao, taa iliyoungua kati ya malundo, korosho zilizomwagika kwenye mteremko wa mlango ambazo chini ya gurudumu huviringika na kumfanya dereva apoteze breki. Kuna waliolalamika kwamba ghala limekuwa hatari kuliko zamani. Hatari ilikuwepo tangu mwanzo. Kilichoongezeka ni kuandikwa. Kwa hali hiyo siwezi kuipima hali ya ghala kwa idadi ya taarifa peke yake. Zikipungua ghafla, huenda mambo yametulia, huenda pia kuna mtu ametishwa. Namna ya kutofautisha ni kwenda kunywa chai na vibarua na kuuliza nini kimewakosa wiki hii. Wakitaja vitu ambavyo havimo daftarini, daftari limekufa.

Kuna hesabu maarufu kutoka Marekani, aliyoitoa Heinrich, mtaalamu wa usalama kazini, mwaka 1931, kwamba nyuma ya kila jeraha kubwa kuna madogo 29 na matukio 300 yasiyojeruhi. Watu huinukuu kana kwamba ni sheria ya maumbile. Mimi siitumii hivyo. Nusura nyingi za kuteleza sakafuni hazitabiri foko kumbana mtu. Visababishi vyake ni tofauti. Kisa cha Selemani hakikuhitaji matukio 300. Yalitosha manne, kwa sababu yote yalikuwa kona moja, mlango mmoja, mzigo wa kimo kimoja. Tukio moja tu ambalo lingeweza kuua linastahili kufanyiwa kazi kuliko mikwaruzo mingi.

Kitu kilichofanya watu waendelee kuandika ni safu ndogo iliyoongezwa upande wa kulia wa kila ukurasa: nini kimefanyika, na lini. Hata jibu la "haiwezekani msimu huu, kwa sababu hii" liliandikwa. Mahali ambapo safu hiyo ilibaki tupu kwa wiki nzima, aliyeandika hakuandika tena. Na swali la nani alikuwa anaendesha lilihamishwa kutoka la kwanza hadi la mwisho, nalo huulizwa tu pale ambapo mtu ameendesha akiwa amelewa, au amechezea foko kwa makusudi.

Kuna pengo ambalo mpaka msimu ulipofungwa halikuwa limezibwa. Madereva wa malori na matingo wao wanaingia ghalani siku moja, wanashusha, wanaondoka. Hawajui mstari mweupe wala mlango wa kaskazini, na daftari hawalioni. Kwa sasa mlinzi wa getini huwaambia waketi kwenye kivuli cha ofisi mpaka mzigo uishe. Wengi wanakubali. Wengine hutaka kuhesabu magunia yao wenyewe kwa macho, na wana haki, kwa sababu upungufu ukitokea hukatwa wao. Selemani, aliyeitwa tena msimu huo hadi mwisho, ndiye aliyependekeza wapewe kizibao chenye rangi na mtu mmoja wa kuwaongoza, na kwenye ile safu ya kulia meneja akaandika kwamba vizibao vitanunuliwa kabla ya mnada wa kwanza wa msimu ujao.